Chumba cha Tisa: Hakuna Mtu

Mimi ni karani wa shule, na niseme mapema tusije tukalaumiana: siwapendi watu wanaosoma barua zisizo zao. Lakini barua ya Mkuu lazima niisome mimi kwanza, maana akiipokea tu ataniuliza "hii inasemaje?" kabla hata hajaitafuta miwani yake. Kwa hiyo nasoma. Mwaka wa kumi na tisa huu nasoma barua za watu. Nikimaliza nagonga mhuri wa IMEPOKELEWA, naandika tarehe, naweka kwenye trei. Ndiyo sababu mzee wa fizikia alinibandika jina la Bi Mhuri, na jina likanata mpaka kwa wanafunzi, ambao wanadhani mimi ni kiziwi.

Barua ninayotaka kuisema ililetwa na msichana wa kidato cha tatu, wa bweni, mwembamba kama penseli, ambaye wenzake humwita Kipimo kwa sababu hatembei bila rula. Huyo mtoto hana rafiki wa kutajika. Wenzake wakicheza, yeye anapima kivuli cha mlingoti. Alinipitishia bahasha dirishani kwa mikono miwili na kuniomba nisiikunje, kwa kuwa ndani mlikuwa na jedwali.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Alikuwa anapendekeza taa za madarasa zijiwashe na kujizima zenyewe. Kwa wiki mbili alikuwa amezunguka madarasa yote kumi na mawili na daftari: mapumziko ya asubuhi, mchana, baada ya vipindi, na jioni akielekea bwaloni kujisomea. Kila alipokuta taa zinawaka bure aliandika. Akaona kwamba, kwa wastani, kila darasa linaunguza umeme saa nne kwa siku bila sababu, ama hakuna mtu ama jua limejaa chumba kizima. Akaeleza dawa yake: kihisi cha kubandika darini, ambacho kinanusa joto la mwili linaposogea. Mtu akiingia na chumba kikiwa na giza, taa zinawaka. Joto lisiposogea kwa dakika kumi na tano, zinazima. Na jua likitosha haziwaki hata mkicheza ngoma humo ndani.

Kilichonifurahisha ni namna alivyoandika gharama. Hakuandika fedha. Aliandika, "Nimeweka gharama zote kwa uniti za umeme, kwa sababu bei hupanda na barua yangu inaweza kuchelewa kujibiwa." Nilicheka peke yangu mle ofisini. Huyu mtoto ameshaijua trei ya Mkuu. Kihisi kimoja ni sawa na bei ya uniti sabini na tano, kila darasa linahitaji viwili ili vifike pembeni, waya na fundi uniti sabini, jumla mia mbili na ishirini kwa darasa, elfu mbili mia sita arobaini kwa shule nzima. Kwa hesabu yake, akichukulia kwamba kihisi kitaokoa themanini kwa mia tu ya umeme unaopotea, gharama hiyo ingerudi baada ya siku mia mbili thelathini na tisa za masomo.

Halafu nikalifikia jedwali. Mistari kumi na miwili, darasa kwa darasa. Mstari wa tisa alikuwa ameupigia nyota pembeni. "Chumba cha tisa: taa huwaka kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Siku kumi kati ya kumi. Hakuna mtu."

Nikakaa chini.

Ngoja nikueleze. Ufunguo wa chumba cha tisa hukaa kwangu, kwenye ubao wa misumari nyuma ya mlango, na kila jioni mtu mmoja huja kuuchukua na kutia sahihi kwenye daftari. Mzee wa fizikia. Wanafunzi wanamwita Mzee Volti. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye kalamu nyekundu mfukoni na chaki kwenye kola, miaka thelathini na moja kazini, mwaka na nusu kabla ya kustaafu. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Mwanawe mmoja yuko ng'ambo, hutuma sauti kwenye simu mwisho wa mwezi. Nyumba yake ya mwalimu iko nyuma tu ya ua wa shule; ukisimama jikoni kwake unayaona madirisha ya nyuma ya chumba cha tisa.

Sasa kwa nini mtu mwenye nyumba aende kukaa darasani? Nilimuuliza swali hilo siku moja, mwaka wa kwanza wa msiba, na mimi mdomo wangu hauna breki. Hakukasirika. Aliniambia kwamba marehemu alikuwa na tabia ya kumfuata nyuma chumba kwa chumba akizima taa alizoacha zinawaka, huku akimsema: mwalimu mzima wa umeme, huoni haya. "Siku hizi nikiwasha," akasema, "hakuna wa kuniambia zima." Akatia sahihi, akachukua ufunguo, akaenda. Sikumuuliza tena.

Anakaa dawati la mwisho, kwenye kona, ukutani upande wa varanda. Na madirisha ya varanda ni ya juu, ya vioo vya kupandana. Ukipita nje ukachungulia unaona madawati na ukuta wa pili, humwoni aliyekaa chini ya dirisha lenyewe. Kipimo alichungulia siku kumi. Mlango hakuufungua hata siku moja. Alipima kila kitu isipokuwa hicho.

Na mimi? Basi niseme, maana nimeanza. Binti yangu kaolewa mbali, baba yake alishajiendea zamani na sitaki kumzungumzia. Jioni kazi huwa inaisha saa kumi na moja, lakini mimi nabaki ofisini mpaka saa moja na nusu, saa mbili, nachapa mitihani ambayo ingeweza kusubiri kesho. Dirisha langu linatazama uwanja, na ng'ambo ya uwanja ni chumba cha tisa. Nikiinua macho nikaiona ile taa, naendelea kuchapa. Hatujawahi kuliongelea. Ni mtu wangu wa ng'ambo, basi.

Kwa hiyo ningeweza kuipoteza ile barua. Karani akitaka barua ipotee, inapotea. Lakini nilimkumbuka yule mtoto na mikono yake miwili, nikagonga mhuri.

Mkuu aliisoma siku hiyo hiyo, jambo ambalo ni muujiza. Bili ya umeme ya mwezi ule ilikuwa imemkaa kooni. Alikuja mezani kwangu akiipunga, akataka kujua ni nani huyo anayefanya chumba cha tisa kiwe dampo la umeme. Nikainama kutafuta klipu. Yeye, kwa utaratibu wake, akaandika pembeni ya barua kama anavyoandika kwenye kila jambo lenye waya: "Mwalimu wa fizikia, tafadhali pitia, toa maoni ya kitaalamu." Hakujua anampa nani faili la nani.

Nilimpelekea mwenyewe, chumba cha walimu. Nilisimama pale nikijifanya napanga madaftari. Alisoma kama anavyosoma mtihani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilipofika mstari wa tisa kikasimama. Masikio yakamwiva, mzee wa watu. Nilidhani ataikunja. Badala yake alichomoa kalamu nyekundu, akarudi juu kwenye hesabu, akaandika: "Umesahau choki, kile kifaa cha kuendeshea taa ya tubu. Tubu ya wati 36 pamoja na choki yake hula kama wati 45. Rudia." Hapo pembeni akairudia yeye mwenyewe. Tubu nane kwa darasa, wati mia tatu sitini, saa nne, madarasa kumi na mawili, na ile themanini kwa mia. Siku za kurudisha gharama zikashuka kutoka mia mbili thelathini na tisa mpaka mia moja tisini na moja. Chini akaandika alama tisini na tisa kwa mia, na maneno haya: "Pendekezo ni sahihi. Naliunga mkono."

Nilimfuata mpaka kwenye korido. Nikamuuliza hiyo alama moja aliyokata ni ya nini.

"Kuna kosa moja la uchunguzi," akasema.

"Si ulisahihishe."

"Nitalisahihisha vipi, Bi Mhuri, bila kusema mimi ndiye?"

Nilikasirika, nisikufiche. Nilimwambia aende kwa Mkuu aseme, kukaa darasani si wizi. Akaniambia hawezi kusimama mbele ya mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, maana Mkuu alipitia mikononi mwake, akamweleza kwamba anaogopa nyumba yake. Mtu na miaka yake.

Mtoto nilimpa nakala ya masahihisho, na Mkuu akakubali kujaribu darasa moja kwanza. Darasa gani? Lile linalopoteza zaidi, bila shaka. Na kwa kuwa Mkuu hawezi kununua kitu bila kukipunguza, alinunua kihisi kimoja badala ya viwili, akaona kinatosha. Fundi wa umeme alikibandika darini mbele, juu ya meza ya mwalimu, akawaeleza walimu kwamba hiki kidude hakioni mtu, kinaona joto linalosogea, na kadiri unavyokaa mbali nacho ndivyo unavyotakiwa kusogea zaidi ili kikuone. Mzee Volti alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo ilivyo.

Jioni ya kwanza aliuchukua ufunguo kama kawaida. Giza lilipoanza kuingia taa ikawaka, nikashusha pumzi. Nikachapa ukurasa. Nilipoinua macho, chumba cha tisa kilikuwa cheusi. Nikatazama saa. Ukapita muda kidogo, taa ikarudi. Robo saa, ikazima. Ikarudi. Nikaelewa kinachotokea kule: mzee anasoma, kufunua ukurasa hakutoshi kwa kona ile, kidude kinaamua hakuna mtu, naye anainua mkono juu ya kichwa na kupunga mpaka kimwone. Kila robo saa. Kazi iliyokuwa ikinituliza ikawa ya kunikaba. Mitihani ya kidato cha pili niliichapa na makosa saba siku ile.

Ilikwenda hivyo kama siku nne. Siku ya tano taa ilizima na haikurudi.

Nilihesabu dakika. Ya kumi nikavaa viatu. Kichwani nilikuwa nimeshamwona ameanguka, nimeshaiandika barua ya kumjulisha mwanawe, nimeshakosa pa kuipeleka. Nilivuka uwanja mbio, na mimi si mtu wa mbio. Nikaujaribu mlango wa nyuma, ule ulio karibu na kona yake, nao haukuwa umefungwa.

Alikuwa amekaa. Kitabu kimefunguka mbele yake gizani, mikono juu ya dawati. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nikamuuliza basi kulikoni.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka kumpungia mtu asiyekuwepo nimwambie kwamba nipo."

Nilikaa dawati la jirani. Kona ile iko mbali, na sisi hatukuwa tukisogea, kwa hiyo giza liliendelea.

Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa na taa zote nane zikawaka usoni kwetu. Kipimo, na daftari. Yalikuwa mapumziko ya saa mbili ya kujisomea, na kumbe naye siku zote nne alikuwa akiziona zile taa zinavyozima na kuwaka, akadhani kihisi ni kibovu, akaja kukikagua. Safari hii alifungua mlango, maana huwezi kukagua dari ukiwa varandani. Alimtazama mwalimu wake. Alilitazama dirisha lililo juu ya kichwa cha mwalimu wake. Nikaona vile anavyopiga hesabu, mwanga wa dirisha, urefu wa ukuta, kona. Daftari likamshuka mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kihisi ni kizima. Ni mimi nisiyesogea."

Mtoto hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama siku zile kumi alikuwepo. Mzee akasema alikuwepo. Kila siku? Kila siku. Kengele ikalia bwaloni, akaondoka bila kuaga, mtoto mwenye adabu kama yule.

Asubuhi iliyofuata nilikuta bahasha imepitishwa chini ya mlango wangu. Nayo ilikuwa haijakunjwa. Barua ya pili kwa Mkuu wa Shule, na nakala yake ninayo mpaka leo, hivyo naweza kukusomea neno kwa neno.

"Mheshimiwa Mkuu. Katika barua yangu ya kwanza, jedwali, mstari wa tisa, niliandika hakuna mtu. Nilikosea. Kulikuwa na mtu mmoja. Sikufungua mlango. Naomba saa mbili za jioni za chumba cha tisa ziondolewe kwenye hesabu ya hasara, kwa kuwa taa iliyokuwa inamwakia mtu si hasara. Kwa marekebisho hayo gharama itarudi kwa siku mia mbili badala ya mia moja tisini na moja. Tofauti ni siku tisa. Napendekeza pia chumba hicho kiwekewe swichi ya mkono, sambamba na kihisi, ili mtu aliyetulia aweze kubaki na mwanga. Naomba radhi kwa mtu huyo, ambaye sitamtaja."

Niliisoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zilikataa kukaa mahali pake, nikaenda kunawa uso.

Sikugonga mhuri. Niliipeleka kwanza kwa mzee mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Nilimwambia akitaka nitaichana. Asingetajwa, lakini Mkuu angeuliza "nani?" na daftari la funguo lina sahihi yake kila ukurasa. Alisoma, kidole kikishuka. Akachomoa kalamu nyekundu. Akakokotoa pembeni, akafika siku mia mbili, akaweka alama ya vema. Akasema niipeleke, mtoto amesema kweli na ukweli wa mwanafunzi haufichwi kwa sababu mwalimu ana aibu. Sauti yake ilikuwa kavu.

Mkuu aliuliza "nani?" kama nilivyotarajia, na daftari likamjibu. Sitamsema vibaya, siku ile alikuwa mtu. Alimwita fundi aje aweke hiyo swichi. Akamwita na mzee, wakafunga mlango. Sijui walisemezana nini. Nilisikia tu Mkuu akimwita "mwalimu wangu". Swichi iliwekwa wiki ile ile, karibu na kona, chini kidogo ili mtu aliyekaa aifikie. Ukiibonyeza, taa inawaka kihisi kitake kisitake.

Sasa hebu sikia. Mzee hakuja.

Swichi ipo, ruhusa ipo, ufunguo unaning'inia kwenye msumari, na mwenyewe haji. Jioni ya kwanza nikasema labda ana mafua. Ya tatu nikamkuta kwenye korido, nikamuuliza, akaniambia kwamba zamani alikuwa anakwenda darasani kusoma, ila sasa akienda, atakuwa anakwenda mbele ya macho ya watu wote kwenye swichi ya mpweke. Alilisema hilo neno hivi hivi, mpweke, kama vile anataja ugonjwa wa mtu mwingine. Akasema atazoea nyumbani. Watu huzoea.

Wiki nzima ng'ambo ya uwanja palikuwa peusi. Nilijaribu kukaa nikichapa nikashindwa. Nikaenda nyumbani mapema, nikakuta nyumba yangu ilivyo: meza, kiti, redio. Nikawasha taa ya sebuleni, ya jikoni na ya chumbani, zote kwa mpigo, nikakaa katikati. Nilijiona mjinga. Nilijua pia kwamba nyuma ya ua wa shule kuna mtu mwingine anafanya vile vile au hata hawashi.

Hasira zikanipanda. Mimi huzuni ikinizidi huwa hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Jumatatu jioni nilichukua mitihani ya kidato cha kwanza, mia mbili ya kubana pini, nikatia sahihi yangu mwenyewe kwenye daftari la funguo, nikaenda chumba cha tisa. Nikaingia mlango wa mbele, taa zikaniwakia. Nikakaa kona yake. Swichi ilikuwa usawa wa bega langu na sikuigusa. Nilibana pini zangu polepole, mikono mapajani, mpaka robo saa ikaisha na taa zikazima. Nikainua mkono juu, nikapunga. Zikawaka. Nikaendelea. Zikazima. Nikapunga. Mara nane jioni ile. Bega liliuma.

Jumanne vile vile. Mlinzi alipita akanichungulia, akaniuliza kama kidude kimeharibika, nikamwambia aendelee na lindo lake.

Jumatano, mara ya pili au ya tatu, taa zikiwa zimezima na mkono wangu bado haujapanda, nilisikia mlango wa nyuma. Hazikuwaka, maana mlango ule uko upande wa kona. Alisimama pale, mrefu, na kitabu kwapani. Alikuwa amevaa kandambili.

"Swichi waliweka kwa ajili yangu," akasema. "Iko hapo kwenye bega lako. Kwa nini huibonyezi? Siku tatu niko jikoni naona chumba kinazima, kinawaka, kinazima. Nimeshindwa kula."

"Nilikuwa nakupungia, Mwalimu."

Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki ijulikane. Kisha akaja kwa kupapasa, akasema niondoke kwenye dawati lake. Nikahamia la mbele. Akakaa, akanyoosha mkono, akabonyeza swichi. Mwanga ukatulia.

Alisoma, mimi nikabana pini zilizobaki. Saa moja kasoro tulisikia hatua varandani, watoto wakienda bwaloni. Hatua za mmoja zilisimama chini ya dirisha. Halafu zikaja mpaka mlangoni, mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha uso, Kipimo akatutazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, akafunga mlango taratibu.

Saa mbili mzee alizima taa mwenyewe. Tulifunga milango, akanipa ufunguo, nikamwambia lala salama, akasema nawe pia. Yeye akashika njia ya nyuma ya ua, mimi ya getini. Nilipofika kwangu niliwasha taa moja tu.